Ovataimu ya mlinzi wa usiku: jinsi ya kuihesabu na kuidai kabla siku 60 hazijaisha

Walinzi wengi wa usiku hapa Dar wanajua kuwa saa zao ni nyingi mno. Wanaofika kudai ndio wachache, na hao wachache huangukia palepale. Mmoja anafika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akiwa na miaka mitatu ya malalamiko lakini hana hesabu hata ya wiki moja. Mwingine hesabu anayo, ila alikaa miezi minne akisubiri barua yake ijibiwe, na muda ukamwacha.

Mwongozo huu unafuata dai la mlinzi mmoja tuliyehangaika naye. Wapangaji wa jengo alilokuwa akilinda Mikocheni walimwita Afande, nami nitamwita hivyo. Aliingia lindoni saa 12 jioni, akatoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Alikuja kwa shida nyingine kabisa: alitaka asomewe mkataba wake ili ajaze fomu ya mkopo. Kwenye ukurasa wa pili paliandikwa kuwa saa za kazi ni 45 kwa wiki.

"Hapo wamekosea kuandika, dada," aliniambia. "Mlinzi ni masaa kumi na mawili. Ndiyo kazi yenyewe."

Hawakukosea.

## Andaa hivi kwanza

Usianze kuandika chochote kabla hujakusanya vitu hivi:

- Mkataba wa ajira. Kama hukupewa nakala, iombe kwa maandishi.
- Hati za mshahara (salari slipu) za miezi unayodai, au taarifa ya akaunti ya benki au ya simu inayoonyesha mshahara ulivyoingia.
- Ratiba za malindo: karatasi za ofisini, au ujumbe wa supavaiza kwenye kundi la wasapu.
- Daftari la kurasa zenye mistari na kalenda ya ukutani.
- Picha za kurasa za kitabu cha matukio, kile mnachokiita OB, zenye jina lako, saa ya kuingia na saa ya kutoka.
- Jina kamili la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba au kwenye michango yako ya NSSF. Jina la mgongoni kwenye jaketi halitoshi.

Kuhusu OB, tahadhari moja. Kitabu ni mali ya kampuni au ya mteja. Piga picha kurasa zako ukiwa zamu, basi. Ukikibeba kwenda nacho nyumbani umewapa sababu ya kukufukuza kwa wizi, na dai la ovataimu litafunikwa na kesi hiyo.

## Hatua ya 1: Hakikisha dai ni lako

Sheria inayohusika ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004. Saa za kazi zinaanzia kifungu cha 17 na kuendelea, kwa namba za sheria ilivyotungwa. Kwa mfanyakazi wa kawaida, saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku zisizidi 6. Kinachozidi hapo ni ovataimu, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa.

Sheria inahesabu siku kuwa saa 24 tangu muda unaoanza kazi kwa kawaida. Kwa mlinzi hili lina maana: usiku wako haukatwi vipande viwili saa sita ya usiku. Zamu ya kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi ni siku moja ya kazi.

Kuna watu wawili wa kujichunguza zaidi kabla ya kuendelea.

Wa kwanza ni supavaiza. Sheria inawaweka kando wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kama unazunguka malindo usiku kukagua wenzako, lakini juu yako yuko meneja wa operesheni ambaye naye ana bosi wake, hoja ya mwajiri hapo ni dhaifu. Jiandae tu kuisikia.

Wa pili ni aliyesaini "wiki iliyobanwa". Sheria inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, mtu kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwa ndani yake, bila kulipwa ovataimu kwa saa hizo. Makampuni ya ulinzi hupenda kukimbilia hapa. Lakini ruhusa hiyo ina mipaka: siku zisizidi 5 kwa wiki, saa za kawaida zisizidi 45, na ovataimu isizidi saa 10 kwa wiki. Anayelinda usiku sita wa saa kumi na mbili hawezi kuingia humo hata angesaini karatasi kumi.

Yapo pia makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi yanayoruhusu saa kupimwa kwa wastani wa wiki kadhaa. Muulize mwakilishi wa chama kama mnayo. Afande hakuwa na chama wala makubaliano ya aina hiyo.

Utajuaje umefaulu: unaweza kusema kwa sentensi moja wewe ni nani, zamu yako inaanza na kuisha saa ngapi, na usiku ngapi kwa wiki.

## Hatua ya 2: Jenga rekodi yako mwenyewe

Chukua daftari, chora safu tano: tarehe, lindo, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ushahidi. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Humo unaandika kitu kinachothibitisha usiku huo: "OB picha 14", "ratiba ya wasapu 3 Nov", "nilipokewa na mlinzi wa mchana".

Sheria inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu, na katika mgogoro asiyezitunza ndiye anayebebeshwa kazi ya kuthibitisha kuwa alitii sheria. Ni silaha nzuri, lakini usiende nayo peke yake. Waamuzi wamezoea madai ya ovataimu yasiyo na tarehe, na dai la aina hiyo huanguka. Mlinzi akisema "nilikuwa nafanya kazi kila siku", swali linalofuata huwa: siku zipi?

Jumbe za wasapu ni ushahidi, mradi uonyeshe zilikotoka. Kupiga picha skrini hakutoshi ikiwa baadaye simu yenyewe imeuzwa Kariakoo. Usifute kundi, usibadilishe simu kabla shauri halijaisha, na chapisha kurasa zinazoonyesha namba ya aliyetuma na tarehe.

Afande alikuwa na kitu ambacho hakukijua thamani yake. Kila baada ya saa moja kituo kiliita kwa redio kuuliza hali, naye aliandika kwenye OB: "Saa 8:00 kituo kimeita, lindo salama. Saa 9:00 kituo kimeita, lindo salama." Kurasa zile zilionyesha alikuwepo usiku kucha, na zilionyesha jambo jingine kubwa zaidi tutakaloliona kwenye hesabu.

Utajuaje umefaulu: mtu asiyekujua akifungua daftari lako anaweza kutaja usiku wowote na kuonyeshwa ushahidi wake.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya wiki moja, kisha zidisha

Hapa ndipo wengi huchoka. Fanya wiki moja tu kwa uangalifu, nyingine zitafuata.

### Anza na mshahara wa msingi wa saa

Tumia mshahara wa msingi. Posho ya nyumba, nauli na chakula haziingii, wala malipo ya usiku. Mshahara wa msingi wa Afande ulikuwa shilingi 312,000 kwa mwezi.

Jedwali la sheria linageuza mshahara wa mwezi kuwa wa saa kwa kuugawa kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45 unapata 195 kwa kukadiria kidogo sana.

```
312,000 ÷ 195 = 1,600   (saa ya kawaida)
1,600 × 1.5   = 2,400   (saa ya ovataimu)
```

Kosa linalorudiwa ni kugawa mshahara kwa siku 30, kisha kwa saa 12. Ukifanya hivyo saa yako inashuka hadi shilingi 867 na umejipunja karibu nusu kabla mwajiri hajafungua mdomo. Saa 12 haziwezi kuwa kigawanyo wakati mgogoro wenyewe ni kwamba tatu kati ya hizo hazikulipwa.

Kabla ya kusonga, linganisha mshahara wako na Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotumika sasa. Ulinzi binafsi una fungu lake. Ukiwa chini ya kima, tumia kima, na tofauti hiyo ni dai jingine la kuandika kwenye fomu hiyohiyo.

### Amua kuhusu saa ya mapumziko

Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Mwajiri halazimiki kuyalipia, isipokuwa kama alikutaka ufanye kazi au uwe tayari kwa kazi muda huo.

Sasa jiulize kwa ukweli. Je, kulikuwa na mtu wa kukupokea lindo ukaenda kula? Uliruhusiwa kuzima redio na kutoka getini? Au ulikula wali wako kwenye hotipoti umesimama, jicho kwenye geti, kwa sababu mpangaji wa ghorofa ya tatu hurudi saa saba usiku akipiga honi?

Afande alilinda peke yake, na OB ilionyesha kituo kikimwita kila saa bila kuruka hata moja. Hakuwa na saa ya mapumziko ya kweli, kwa hiyo tulihesabu zote 12. Kama wewe unapokewa kwa saa nzima, hesabu 11. Usiifiche saa hiyo. Mwenzako wa zamu ataitwa kutoa ushahidi, na ukikutwa na uongo mmoja rekodi yote itatiliwa shaka.

### Hesabu saa za ovataimu

Usiku wa kwanza hadi wa tano, saa 9 za mwanzo ni za kawaida na 3 za mwisho ni ovataimu. Baada ya usiku wa tano umeshafikisha saa 45. Kwa hiyo usiku wa sita wote ni ovataimu, tangu dakika ya kwanza.

```
Usiku 5 × saa 3  = saa 15
Usiku 1 × saa 12 = saa 12
Jumla            = saa 27
27 × 2,400       = 64,800 kwa wiki
```

Sheria inakataza ovataimu kuzidi saa 50 katika wiki nne. Afande alikuwa na 108. Mwajiri anaweza kusema kuwa zilizozidi haziruhusiwi, kwa hiyo hazilipwi. Hoja ya kumjibu ni kwamba kikomo kimewekwa kumlinda mfanyakazi, na aliyekivunja ni yeye aliyepanga ratiba.

### Ongeza malipo ya usiku

Usiku wa kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kila saa ndani ya muda huo inaongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa. Kama saa hiyo ni ya ovataimu, asilimia 5 inatolewa kwenye kiwango cha ovataimu. Kwa Afande ni shilingi 80 kwa saa ya kawaida na 120 kwa saa ya ovataimu.

Saa 9 zake za kawaida ziliisha saa 9 usiku. Kati ya hizo, 7 zilikuwa ndani ya usiku wa kisheria, kwa sababu mbili za mwanzo ni jioni. Tatu za ovataimu zote ni za usiku.

```
Usiku 1-5: (7 × 80) + (3 × 120) = 920;  920 × 5 = 4,600
Usiku wa 6: 10 × 120                            = 1,200
Jumla                                           = 5,800 kwa wiki
```

Fedha hii ni ndogo na wengi huipuuza. Iandike. Kama salari slipu haina mstari wa malipo ya usiku, ni vigumu kwa mwajiri kudai kuwa alifuata sheria kwenye mambo mengine.

### Weka pamoja

Kwa wiki moja ni 64,800 na 5,800, yaani 70,600. Afande alidai wiki 8 kamili za Oktoba na Novemba: shilingi 564,800.

Sikukuu na siku ya mapumziko ya wiki zina hesabu yake: ukifanya kazi siku hizo kila saa hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Tarehe 14 Oktoba ilimkuta Afande kwenye ofu, kwa hiyo hatukuigusa. Kama wewe ulikuwa lindoni sikukuu, zitoe saa hizo kwenye hesabu ya ovataimu na uzipange peke yake, usije ukadai saa moja mara mbili.

Kama salari slipu ina mstari wa ovataimu, hata wa shilingi 20,000, uondoe kwenye jumla. Ukiuacha, mwajiri atauonyesha yeye.

Utajuaje umefaulu: una ukurasa mmoja wenye wiki zote, na jumla inatoka ileile ukihesabu kwa kufuata tarehe au kwa kuzidisha.

## Hatua ya 4: Hesabu siku 60 kabla ya kuandika barua

Hatua hii imeua madai mengi kuliko ujanja wa waajiri. Kanuni za CMA zinatoa siku 30 kwa anayepinga kuachishwa kazi, na siku 60 kwa migogoro mingine tangu mgogoro ulipotokea. Ovataimu iko kwenye siku 60.

Ulitokea lini? Njia salama ni kuhesabu tangu siku ya mshahara uliokuja bila ovataimu hiyo. Mshahara wa Oktoba wa Afande uliingia tarehe 31 Oktoba, na siku ya 60 ni tarehe 30 Desemba. Ukikumbuka Krismasi na siku inayofuata, ofisi zinafungwa na watu wanasafiri kwenda mikoani. Tulijipa mwisho katikati ya Desemba.

Barua ya madai haisimamishi siku hizo. Mazungumzo na meneja hayazisimamishi, wala ahadi ya "tutaliangalia mwezi ujao". Mwajiri mjanja anajua hili, ndiyo maana hakatai. Anaahidi.

Afande alikuwa na kampuni hiyo zaidi ya miaka miwili. Je, miezi ya nyuma? Ipo njia ya kuomba kuongezewa muda, kwa fomu CMA F.2, ukieleza umechelewa kiasi gani, kwa nini, na kwa nini dai lako lina uzito. "Sikujua sheria" ni sababu inayokataliwa mara kwa mara. Ugonjwa wenye vyeti, au maandishi ya mwajiri akikiri deni na kuomba subira, vina nafasi. Afande hakuwa na sababu ya namna hiyo, na nilimshauri asiburuze miaka miwili iliyokwishamponyoka pamoja na miezi miwili iliyo hai, kwa sababu pingamizi la muda lingechelewesha hata hiyo iliyo hai. Aliuma meno, akakubali.

## Hatua ya 5: Andika barua fupi yenye tarehe

Barua iwe ya ukurasa mmoja, na jedwali lako la hesabu nyuma yake. Taja kipindi, saa, kiwango, jumla, na siku 7 za kujibu. Usiandike matusi wala historia ya supavaiza anayekuonea. Mfano wa sentensi ya katikati:

"Kuanzia Oktoba hadi Novemba nimefanya kazi saa 72 kwa wiki, wakati mkataba wangu na sheria vinataja saa 45. Naomba kulipwa ovataimu na malipo ya usiku jumla ya Sh 564,800 kama jedwali lililoambatanishwa linavyoonyesha."

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Wakikataa kugonga, nenda na shahidi aandike jina lake, tarehe na saa, au itume kwa posta ya rejista ubaki na risiti.

Kuna woga wa kufukuzwa, na si woga wa bure. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu amedai haki yake ya kisheria si sababu halali. Likitokea, huo ni mgogoro mpya wenye fomu yake na siku 30 zake, usiuchanganye na huu. Na lindo usilitoroke hata siku moja kwa hasira, maana utoro ndio mlango wanaoutafuta.

Mkiwa wengi na mnaogopa kujitaja, Afisa Kazi ana mamlaka ya kukagua kumbukumbu za mwajiri na kumpa amri ya kutekeleza sheria. Nendeni kwake, lakini siku 60 zenu zinaendelea kukimbia.

## Hatua ya 6: Jaza CMA F.1 bila kuacha dai nje

Fomu ya kupeleka mgogoro ni CMA F.1. Kufungua shauri hakuna ada. Dai linafunguliwa kwenye ofisi ya eneo mgogoro ulipotokea, kwa hiyo mlinzi wa Dar anafungua Dar hata kama makao makuu ya kampuni yake yako Arusha.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye fomu.

Jina la mlalamikiwa liwe la mwajiri wako kisheria. Mwenye nyumba au duka unalolilinda ni mteja wa kampuni, si mwajiri wako, labda yeye ndiye aliyekuajiri na anayekulipa. Jina likikosewa unaweza kushinda tuzo, yaani uamuzi wa CMA, isiyoweza kukaziwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu, kwa mtu yeyote.

Kwenye aina ya mgogoro na matokeo unayotaka, andika kila kitu na kiasi chake: ovataimu Sh 518,400, malipo ya usiku Sh 46,400. Usiandike "haki zangu zote". Dai ambalo halimo kwenye F.1 huwezi kulichomekea baadaye mbele ya mwamuzi, na mawakili wa waajiri hulitafuta hilo kwanza. Sehemu B ya fomu ni ya walioachishwa kazi, kama bado uko kazini iache.

Tatu, mpe mwajiri nakala kabla ya kuiwasilisha, na uambatanishe uthibitisho kuwa ameipokea. Bila huo fomu inarudishwa, na siku zinaendelea.

Mkidai pamoja, mmoja anaweza kusaini kwa niaba yenu, mradi iambatanishwe orodha ya majina yenye saini ya kila mmoja. Orodha isiyo na saini ni sawa na hamna.

Chama cha wafanyakazi kinaweza kukuwakilisha, au wakili, au ukaenda mwenyewe. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kina huduma ya msaada wa kisheria Kinondoni, nao wanajua fomu hizi.

## Hatua ya 7: Ingia kwenye usuluhishi ukijua namba zako mbili

Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Usikose kikao. Mlalamikaji asipofika, shauri linaweza kufutwa. Tatizo la mlinzi ni kwamba ametoka lindoni saa 12 asubuhi na kikao ni saa 3. Omba kwa maandishi ubadilishiwe zamu ya usiku wa kuamkia siku hiyo, na tunza nakala.

Kabla ya kuingia uwe na namba mbili. Ya juu ni dai lako kamili. Ya chini ni hesabu yako kama hoja kubwa ya mwajiri ikikubaliwa. Kwa Afande hoja hiyo ilikuwa saa ya mapumziko. Ikitolewa, anabaki na saa 66 kwa wiki, ovataimu 21, na jumla ya wiki nane pamoja na malipo ya usiku inakuwa kama shilingi 443,840.

Ofisa wa kampuni alifika na mkataba wenye saini ya Afande. Akaanza na mapumziko, kama tulivyotarajia. Afande akafungua picha za OB, akaanza kusoma taratibu: saa 5, kituo kimeita, saa 6, kituo kimeita, saa 7, kituo kimeita. Msuluhishi akamgeukia ofisa: "Sasa saa ya chakula ni ipi hapo?"

Walimaliza kwa shilingi 500,000, awamu mbili. Msuluhishi halazimishi mtu, na Afande angeweza kukataa akaenda kwa mwamuzi kutafuta zile 64,800 zilizobaki. Alipima muda na nauli, akasaini. Mimi ningefanya hivyo pia, kwa kuwa alikuwa juu ya namba yake ya chini.

Soma hati ya makubaliano neno kwa neno kabla ya kusaini. Angalia kiasi, tarehe za kila awamu, njia ya malipo, na maneno "malipo kamili na ya mwisho". Maneno hayo yafungiwe kwenye kipindi unachodai tu, na kipindi kitajwe kwa tarehe. Hati ya kampuni ilisema "madai yote yatokanayo na ajira". Tuliomba ibadilishwe kuwa "ovataimu na malipo ya usiku kwa wiki nane zilizotajwa", ikabadilishwa papo hapo. Isingebadilishwa, angekuwa ameiachia hata ovataimu ya Desemba.

Usuluhishi ukishindikana, omba hati inayosema hivyo, kisha upeleke shauri kwenye uamuzi. Huko ushahidi ni wa kiapo, na daftari lako la safu tano ndilo utakalohojiwa nalo. Asiyeridhika na tuzo ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

## Hatua ya 8: Fuatilia fedha na slipu inayofuata

Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi yana nguvu ya kukaziwa kama hukumu ya mahakama. Awamu ya kwanza ya Afande iliingia kwa tarehe. Ya pili ilichelewa. Aliandika barua ya mistari minne, akaambatanisha nakala ya hati, akataja kuwa ataomba ikaziwe, na fedha ikaingia. Isingeingia, hatua iliyofuata ingekuwa maombi ya utekelezaji mahakamani, bila kurudi kujadili saa zilikuwa ngapi.

Kisha angalia salari slipu ya mwezi unaofuata. Kampuni ikiendelea na usiku sita wa saa kumi na mbili na slipu haina mstari wa ovataimu, siku 60 mpya zimeanza siku mshahara ulipoingia. Ya Afande ilikuja na mstari mpya ulioandikwa "posho maalumu, 40,000". Posho haiingii kwenye mshahara wa msingi wala si ovataimu mpaka slipu iseme hivyo na saa zionekane. Aliwaandikia kuuliza ni ya saa ngapi, na daftari jipya ameshalifungua.